Kukomesha Mkataba wa Huduma: Kifungu, Siku na Barua

Juma hili ukurasa wetu waingia katika jambo ambalo kamati nyingi za familia kambini hulijua nusu nusu, nalo ni namna ya kumwarifu mtoa huduma kwamba mkataba wake unakoma. Kuingia katika mkataba ni rahisi: wakala huja na karatasi zake, chai hunywewa, saini hutiwa. Kutoka ndiko kwenye mlango mwembamba. Mlango huo una kipimo chake, na kipimo chenyewe kimeandikwa ndani ya karatasi zile zile zilizofungiwa kabatini tangu siku ya kutia saini.

Ili tuelewane vizuri, tutatunga mfano mmoja na kuufuata hatua kwa hatua. Tuseme kuna kamati ya familia katika nyumba za polisi hapa Uganda. Nyumba ni 45, na kila nyumba hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Jumla yake, shilingi 450,000, hulipwa kampuni moja inayozoa taka. Mkataba ni wa mwaka mmoja, tangu tarehe 1 Julai 2024 hadi tarehe 30 Juni 2025. Lori lapaswa kufika kila Jumanne na kila Ijumaa. Miezi ya kwanza lilifika bila kukosa. Tangu Januari 2025 likaanza kukosa siku. Mapipa yakafurika, nzi wakaingia majikoni, na watoto wakawa wanapita juu ya uchafu wakienda shule. Jumamosi tarehe 12 Aprili 2025 kamati ikakutana, na wote kwa kauli moja wakaamua kuachana na kampuni hiyo.

Uamuzi wa mkutano si notisi. Kampuni haikuwamo mkutanoni, wala haifungwi na kumbukumbu za mkutano wa watu wengine. Kati ya uamuzi na mwisho wa mkataba kuna kazi ya kufanywa, na kazi hiyo ndiyo mada yetu ya leo.

Yafaa tuseme mapema kwamba twazungumzia mikataba ya kamati za familia, kantini, vyama vya akiba na nyumba binafsi. Mkataba uliofanywa na jeshi au polisi kama idara ya serikali ni shauri la ofisi inayohusika na ununuzi na la wanasheria wa serikali. Askari hawezi kuukomesha kwa barua yake, hata akiwa na cheo kikubwa kambini.

SOMA KIFUNGU KABLA YA KUSHIKA KALAMU

Hatua ya kwanza ni kuutoa mkataba kabatini na kuusoma wote. Sheria ya Mikataba ya Uganda iliyotungwa mwaka 2010 yataka mkataba ambao thamani yake yapita vipimo 25 vya fedha uwe kwa maandishi, na kila kipimo ni shilingi 20,000, yaani jumla ni shilingi 500,000. Mkataba wa kamati yetu ni wa shilingi 5,400,000 kwa mwaka. Kwa hiyo karatasi hapana budi iwepo, na kamati ikiwa imepoteza nakala yake, na iombe nakala kwa kampuni kabla ya kufanya lolote.

Katika mkataba wa mfano wetu vifungu vinavyotuhusu ni vitatu.

Kifungu cha 3 chasema kwamba muda wa mkataba ni miezi 12, na kwamba muda huo ukiisha mkataba utajirudia wenyewe kwa miezi 12 mingine, isipokuwa upande mmoja umeupa upande wa pili notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 60 kabla ya tarehe ya mwisho.

Kifungu cha 11 chasema kwamba upande mmoja ukifanya kosa kubwa, upande wa pili waweza kuuandikia barua ya kulieleza kosa hilo na kuupa siku 14 za kulirekebisha. Siku 14 zikipita na kosa lingalipo, hapo ndipo upande uliokosewa waweza kuukomesha mkataba mara moja.

Kifungu cha 16 chaeleza jinsi notisi inavyotolewa: iwe kwa maandishi, itiwe saini na mwenye mamlaka, ikabidhiwe kwa mkono katika ofisi kuu ya upande wa pili au ipelekwe huko kwa barua ya rejista. Ikikabidhiwa kwa mkono, yahesabiwa kuwa imepokewa siku ile ile. Ikipelekwa kwa rejista, yahesabiwa kuwa imepokewa siku ya tano baada ya kutiwa posta.

Sasa tazama neno lililo katika kifungu cha 3: mkataba "utajirudia wenyewe". Hapa ndipo kamati nyingi hunaswa. Hudhani kwamba mwaka ukiisha mkataba nao umekwisha, kama kibali cha likizo. La hasha. Kamati yetu ikinyamaza, tarehe 1 Julai 2025 itaamkia mwaka mpya wa mkataba, yaani shilingi 5,400,000 nyingine, hata kama hakuna aliyetia saini karatasi mpya. Kunyamaza ndiko kulikotia saini.

NJIA MBILI ZISICHANGANYWE

Kamati ina njia mbili za kutoka. Njia ya kifungu cha 3 haihitaji sababu yoyote. Yahitaji notisi iliyofika kwa wakati. Njia ya kifungu cha 11 yahitaji kosa, ushahidi wa kosa, barua ya onyo na siku 14 za subira. Mwenye hasira hupenda njia ya pili kwa sababu yaelekea kuwa ya haraka na yamtia adabu mkosaji. Lakini ndiyo yenye hatari.

Hatari yenyewe ni hii. Kamati ikiandika leo kwamba mkataba umekoma leo kwa sababu ya makosa, bila kutoa siku 14, au ikashindwa kuthibitisha kwamba kosa ni kubwa, basi mambo hugeuka. Yule aliyejiondoa bila kufuata kifungu ndiye ahesabiwaye kuwa ameuvunja mkataba, na kampuni iliyokuwa na hatia yaweza kudai fidia. Mlalamikaji akajikuta mdaiwa.

Kwa hiyo katika mfano wetu, ambapo tarehe ya mwisho i karibu, njia ya kifungu cha 3 ndiyo salama. Barua ya notisi isitaje nzi wala lori wala watoto. Makosa yaandikwe katika barua nyingine, kwa kufuata kifungu cha 11, tena kwa hesabu na si kwa matusi. Mathalani: "Mwezi Machi 2025 lori lilipaswa kufika mara 8. Lilifika mara 3, yaani tarehe 4, 14 na 25. Halikufika tarehe 7, 11, 18, 21 na 28." Mistari kama hiyo huwa na nguvu kuliko kurasa tatu za malalamiko, mradi kuna daftari la lango lililoandikwa siku kwa siku. Kampuni ikijirekebisha ndani ya siku 14, familia zitapata huduma safi hadi mwisho wa Juni. Isipojirekebisha, kamati itakuwa imeufungua mlango wa pili kwa njia ya halali.

Hapa tuseme neno juu ya lugha yetu. Kwa Kiswahili cha kila siku, mtu anayetaka kuondoka katika mkataba husema "nauvunja mkataba". Neno hilo lisiandikwe katika notisi. Kuvunja mkataba ni kutenda kosa, ni kwenda kinyume cha ahadi, na barua yenye neno hilo yaweza kusomwa kama ungamo. Wala "kusitisha" peke yake hakutoshi, kwani kazi iliyositishwa yaweza kuendelea tena kesho. Andika "kukomesha", au kwa kifungu kama kile cha 3, "kutorudia mkataba". Na ikiwa mkataba wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo mikataba mingi hapa Uganda, basi notisi iandikwe kwa Kiingereza ikitumia maneno yale yale ya kifungu, na nakala ya Kiswahili isomwe kwa wanakamati.

HESABU YA SIKU

Sasa tufike kwenye hesabu, kwani siku moja yaweza kupoteza mwaka mzima.

Kifungu chataka siku zisizopungua 60 kabla ya tarehe 30 Juni 2025. Kanuni ya usalama ni kuhesabu siku kamili tu: usihesabu siku ambayo barua imepokewa, wala usihesabu siku ya mwisho wa mkataba. Hesabu zilizo katikati. Tuanze nyuma. Tangu tarehe 29 Juni kurudi hadi tarehe 1 Juni ni siku 29. Mwezi Mei wote ni siku 31. Jumla ni siku 60 kamili. Kwa hiyo barua hapana budi iwe imepokewa tarehe 30 Aprili au kabla yake.

Mwenye kuhesabu kwa haraka atasema siku ya mwisho ni tarehe 1 Mei, kwa kuwa ameihesabu na tarehe 30 Juni ndani ya zile 60. Huenda akamkuta hakimu anayekubaliana naye, na huenda asimkute. Tena tarehe 1 Mei ni Sikukuu ya Wafanyakazi. Ofisi ya kampuni imefungwa, na mlinzi wa lango si ofisi kuu.

Angalieni pia kwamba kifungu chazungumzia siku, si miezi. Siku 60 si miezi miwili. Mwezi una hesabu yake, na juu ya hesabu hiyo kuna hukumu mashuhuri ya Mahakama ya Mabwana ya Uingereza ya mwaka 1981, katika kesi ya Dodds na Walker. Mpangaji wa nyumba ya biashara alipewa notisi tarehe 30 Septemba 1978, na sheria ilimpa miezi minne ya kupeleka ombi lake mahakamani. Yeye alifikiri hivi: tarehe 30 ni siku ya mwisho ya Septemba, basi miezi minne yaisha siku ya mwisho ya Januari. Akapeleka ombi tarehe 31 Januari 1979. Mahakama ikasema kwamba mwezi huisha kwenye tarehe inayolingana na ile ulikoanzia. Notisi ilitolewa tarehe 30, hivyo miezi minne iliisha tarehe 30 Januari. Alichelewa siku moja, na siku hiyo moja ikampotezea haki.

Mahakama zetu hazifungwi na hukumu za Uingereza, lakini sheria yetu ya mikataba ina chimbuko hilo hilo, na mawakili wetu huzitaja. Funzo lake ni jepesi: kifungu kikisema siku, hesabu siku, kikisema miezi, fuata tarehe inayolingana, na kwa vyovyote vile usingoje siku ya mwisho.

Kamati yetu ikipenda njia ya posta, hesabu yapungua tena. Siku ya tano baada ya kutiwa posta iwe tarehe 30 Aprili, basi barua itiwe posta si zaidi ya Ijumaa tarehe 25 Aprili. Na kama kifungu kingalisema siku ya tano ya kazi, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zisingehesabiwa, na barua iliyotiwa posta tarehe 25 ingehesabiwa kupokewa tarehe 5 Mei. Hapo mwaka mwingine umekwisha kuingia. Neno moja, "kazi", laweza kuisogeza barua siku tano nzima.

Kumbukeni pia kwamba mwezi huo wa Aprili 2025 ulikuwa na Pasaka. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 18, na Jumatatu ya Pasaka tarehe 21. Kamati iliyokutana tarehe 12 ikasema "tutaandika baada ya sikukuu" imebaki na siku chache sana za kazi kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo katibu wa mfano wetu aandika barua Jumanne tarehe 22 na kuipeleka kwa mkono Jumatano tarehe 23. Amebakiza juma zima mkononi, na likitokea kosa aweza kuandika barua nyingine.

BARUA YENYEWE

Notisi nzuri ni fupi. Yataja mkataba gani, kifungu gani, jambo gani linakoma, tarehe gani, na mambo gani yafanyike kabla ya kuachana. Tazameni mfano huu.

Kamati ya Familia,
(jina la kambi na sanduku la posta).

Tarehe 22 Aprili 2025

Mkurugenzi,
(jina la kampuni kama lilivyo katika mkataba),
(anwani ya ofisi kuu iliyotajwa katika kifungu cha 16).

Ndugu,

Yahusu: Notisi ya kutorudia mkataba wa kuzoa taka ulioanza tarehe 1 Julai 2024

1. Twarejea mkataba uliotajwa hapo juu kati ya Kamati hii na kampuni yenu.

2. Kwa mujibu wa kifungu cha 3, Kamati yawapa notisi kwamba mkataba huu hautarudiwa. Mkataba utakoma mwisho wa siku ya tarehe 30 Juni 2025. Ikiwa tarehe hiyo imekosewa, basi notisi hii iukomeshe mkataba tarehe ya karibu zaidi inayoruhusiwa na kifungu hicho.

3. Kifungu cha 3 chataka notisi ya siku zisizopungua 60. Notisi hii yakabidhiwa kwa mkono katika ofisi yenu kuu, kama kifungu cha 16 kinavyotaka.

4. Hadi tarehe 30 Juni 2025 mkataba waendelea kama ulivyo. Taka zizolewe kila Jumanne na Ijumaa, na Kamati italipa ankara zenu kwa mujibu wa mkataba.

5. Tafadhali leteni ankara ya mwisho kabla ya tarehe 20 Juni 2025, chukueni mapipa yenu 6 siku ya Jumanne tarehe 1 Julai 2025 asubuhi, na mrudishe amana ya shilingi 450,000 kama ilivyokubaliwa.

6. Notisi hii haiondoi haki yoyote ambayo Kamati inayo kwa mambo yaliyotendeka kabla ya mkataba kukoma.

Wenu,
(saini na jina) Mwenyekiti
(saini na jina) Katibu

Imepokewa na: (jina, cheo, saini, tarehe, saa, muhuri)

Tuyatazame machache katika barua hiyo. Jina la kampuni laandikwa kama lilivyo katika mkataba, si lile jina fupi lililochorwa ubavuni mwa lori. Kampuni mbili zaweza kuwa na mmiliki mmoja na majina yanayofanana, na notisi iliyopelekwa kwa ndugu wa mdaiwa si notisi kwa mdaiwa.

Fungu la 2 lina tarehe kamili. Usiandike "baada ya miezi miwili" wala "hivi karibuni". Sentensi ile ya pili, inayosema "ikiwa tarehe hiyo imekosewa", ni kinga. Mwaka 1997 Mahakama ya Mabwana iliamua kesi ya kampuni ya Mannai na kampuni ya Eagle Star. Mpangaji alikuwa ameandika kwamba upangaji utakoma tarehe 12 Januari 1995, ilhali tarehe sahihi ilikuwa 13 Januari. Majaji watatu dhidi ya wawili walisema notisi ilitosha, kwa sababu msomaji mwenye akili timamu aliyeujua mkataba angetambua kusudi lake. Mpangaji alishinda, lakini kwa kura moja, na baada ya kufika mahakama ya juu kabisa. Sentensi moja ya kinga ingemwondolea safari hiyo yote.

Lakini katika kesi hiyo hiyo Jaji Hoffmann alitoa mfano ambao yafaa kuukumbuka. Alieleza kwamba mkataba ukitaka notisi iandikwe kwenye karatasi ya buluu, haitafaa kuiandika kwenye karatasi ya waridi, hata kama maana yake ni wazi kama jua. Kwa maneno mengine, kosa dogo la kuandika laweza kusamehewa, bali sharti la mkataba halisamehewi. Kifungu cha 16 kikisema ofisi kuu, basi ni ofisi kuu, si tawi la karibu. Kikisema barua yenye saini, basi ujumbe wa simu si barua. Waweza kutuma nakala kwa simu ili wapate habari mapema, lakini nakala hiyo isishike nafasi ya barua.

Saini nayo ina mambo yake. Atie saini yule ambaye mkataba au katiba ya kamati yampa mamlaka. Ikiwa mwenyekiti amehamishiwa kambi nyingine, kama itokeavyo mara nyingi kwa watu wa kazi yetu, kamati ichague mwingine na kuandika uteuzi huo katika kumbukumbu za mkutano kabla notisi haijatiwa saini. Notisi iliyotiwa saini na mke wa mwenyekiti kwa niaba ya mumewe aliye safarini ni mlango wa ubishi.

KUIFIKISHA BARUA

Katibu achukue nakala mbili zenye saini za wino pamoja na daftari la kupelekea barua. Afike ofisi kuu saa za kazi. Aiache nakala moja, na nakala ya pili igongwe muhuri wa kampuni pamoja na jina, saini, tarehe na saa. Aandamane na mtu mwingine, ambaye atatia saini yake katika daftari kwamba ameona.

Huenda karani akasema, "Mama, bosi hayupo, mimi siwezi kupokea." Katibu asigombane naye wala asirudi na barua nyumbani. Amjibu kwa upole, "Sawa, mwanangu. Naiacha hapa mezani pako, na huyu ndugu ni shahidi wangu." Kisha aandike daftarini saa, jina la karani akilijua, na maneno yaliyosemwa. Siku hiyo hiyo apeleke nakala nyingine kwa rejista na kuitunza risiti ya posta. Ndiyo sababu tulisema barua ipelekwe mapema: tarehe 23 Aprili posta ingali na nafasi, tarehe 30 haina.

Na asimkabidhi dereva wa lori. Dereva ni mtu mwema, pengine ni rafiki wa kambi nzima, lakini kifungu cha 16 hakimtaji.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nakala yenye muhuri, risiti ya posta, kumbukumbu za mkutano wa tarehe 12 Aprili na daftari la lango viwekwe katika jalada moja. Katibu akihamishwa, jalada libaki na kamati.

SIKU ZA NOTISI

Baada ya barua kupokewa, zabaki kama siku 68 kabla ya mkataba kukoma. Katika siku hizo mkataba ungali hai. Kamati isiache kulipa kwa kusema kwamba "hawa wanaondoka". Kutolipa ni kosa jipya, na kwaweza kuipa kampuni sababu ya kuondoa mapipa mwezi Mei na kudai fedha juu yake. Safari ambazo lori halikufika zikatwe katika malipo ikiwa tu mkataba waruhusu kukata. Kama hauruhusu, zidaiwe kwa barua, na hapo fungu la 6 la notisi litasaidia.

Mara nyingi wakala wa kampuni atakuja kwa tabasamu. Lori litafika Jumanne na Ijumaa bila kukosa, mapipa mapya yataletwa, na bei itapunguzwa. Kamati ikibadili nia ni haki yake, lakini ibadili kwa karatasi: mkataba mpya, wenye muda mpya, na kama yawezekana usio na kifungu cha kujirudia. Isiseme tu "haya, endeleeni". Kama lori likiendelea kuja mwezi Julai na kamati ikaendelea kulipa bila neno, kesho ni vigumu kudai kwamba mkataba ulikoma. Vitendo huzungumza, na mahakama huvisikiliza.

Kwa hiyo tarehe 30 Juni iwe na mipaka inayoonekana. Ijumaa tarehe 27 Juni ndiyo safari ya mwisho ya kampuni ya zamani. Jumanne tarehe 1 Julai mapipa yake yahesabiwa mbele ya pande zote mbili na hati ya makabidhiano yatiwa saini: mapipa 6, mangapi mazima, mangapi yamevunjika, na kibali cha lori cha kuingia kambini chakabidhiwa langoni. Siku hiyo hiyo mtoa huduma mpya aanza zamu yake, ili taka zisilale kambini hata siku moja.

Mwisho, kabla hamjatia saini mkataba huo mpya, mwekeni katibu asome kwa sauti vifungu vitatu tu: kile cha muda, kile cha makosa, na kile cha notisi. Kisha achukue kalenda ya ukutani, ahesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho, na atie alama nyekundu juu ya siku ambayo notisi hapana budi iwe imefika. Alama nyingine aitie mwezi mmoja kabla ya hiyo, iwe siku ya kamati kukutana na kuamua.